Hedhi baada ya kujifungua: damu ipi ni ya kawaida, na ipi inahitaji kituo cha afya

Kliniki ya mama na mtoto hapa Mpanda tunaulizwa maswali mawili mara kwa mara. La kwanza: "Nesi, mtoto ana miezi saba na bado sijaziona siku zangu. Je, naweza kushika mimba?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: "Nesi, mwezi huu nimeona damu mara mbili, na mwezi uliopita sikuona kabisa. Nina tatizo gani?"

Maswali haya yanakwenda pamoja. Mwanamke akijifungua, mwili wake hauanzi tena kupata hedhi ghafla kama taa inavyowashwa. Hurudi polepole, na wakati wa kurudi damu huweza kukosa mpangilio kwa sababu zisizo na madhara. Tatizo ni kwamba katika kipindi hichohicho damu isiyo na mpangilio huweza pia kuwa mimba mpya, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au maambukizi. Makala hii inaeleza jinsi ya kutofautisha, na inakupa jambo moja la kukumbuka kuliko yote: ukishaanza kuona damu baada ya kujifungua, usiichukulie kuwa ni "siku zimevurugika tu" kabla hujapima mimba.

Damu ya arobaini si hedhi

Baada ya kujifungua, sehemu ya ndani ya kizazi ambako kondo la nyuma lilikuwa limeshikilia hubaki kama kidonda. Kidonda hicho hutoa damu kinapopona, na hiyo ndiyo damu ya uzazi, ambayo wengi wetu tunaiita damu ya arobaini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huiona pia, kwa sababu kidonda cha ndani ni kilekile.

Siku tatu au nne za mwanzo damu huwa nyekundu na nyingi. Baadaye hupungua na kuwa ya rangi ya waridi au kahawia, na baada ya siku kumi hivi hugeuka kuwa majimaji ya rangi ya njano au nyeupe. Kwa wengi huisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Kati ya siku ya 7 na ya 14 mama anaweza kuona damu nyekundu ikiongezeka kwa saa chache kisha ikapungua tena. Hapo gamba la kile kidonda ndilo linabanduka. Vilevile ukinyonyesha, kizazi hukaza, na unaweza kusikia tumbo likivuta huku damu ikitoka kidogo zaidi. Hayo ni ya kawaida.

Yasiyo ya kawaida ni damu iliyokwisha kupungua kurudi kuwa nyekundu na nyingi na kuendelea hivyo, damu yenye harufu mbaya, mabonge makubwa, homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi siku hadi siku. Dalili hizo huweza kuonyesha kwamba kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, au kizazi kimepata maambukizi. Mama wa namna hiyo anatakiwa afike kituoni siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa mama anayenyonyesha maziwa yake tu, damu inayotoka ndani ya miezi miwili ya kwanza hatuihesabu kuwa hedhi. Baada ya miezi miwili, ukiona damu kwa siku mbili mfululizo, hata kama ni kidogo, hesabu kwamba hedhi imerudi. Sheria hii ndogo ina kazi kubwa, kama utakavyoona mbele.

Kwa nini kunyonyesha huchelewesha hedhi

Mtoto anapovuta ziwa, ubongo wa mama hupata taarifa mbili. Ya kwanza inauamuru mwili utengeneze maziwa kwa kutumia kichocheo kinachoitwa prolaktini. Ya pili inazuia ubongo kupeleka ishara zinazokomaza yai. Yai lisipokomaa, ukuta wa kizazi haujengeki kwa ajili ya mimba, na hedhi haiji.

Kinachofanya kazi hapa ni mtoto kuvuta ziwa mara kwa mara. Kuwa na maziwa mengi peke yake hakutoshi. Mtoto akikaa muda mrefu bila kunyonya, ile ishara inalegea, na yai linaweza kuanza kukomaa. Kunyonya usiku kuna uzito wa pekee, kwa kuwa usiku ndiko kwenye mwanya mrefu zaidi.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana mji wa Bellagio, Italia, wakapitia taarifa za wanawake wanaonyonyesha kutoka nchi mbalimbali. Walikubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kutumika kama njia ya uzazi wa mpango, ila kwa masharti matatu yanayotakiwa kutimia yote kwa pamoja:

1. Mtoto hajafikisha miezi sita.
2. Mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, au karibu yote, mchana na usiku. Mwanya kati ya nyonyo moja na nyingine usizidi saa nne mchana na saa sita usiku.
3. Hedhi haijarudi.

Masharti haya yakitimia, chini ya wanawake wawili kati ya mia hushika mimba katika miezi hiyo sita. Sharti moja likivunjika, hata kama mawili yamebaki, kinga hiyo haipo tena na unahitaji njia nyingine siku hiyo, bila kungoja mwezi ujao.

Mama asiyenyonyesha kabisa hana kinga hii hata kidogo. Kwake yai linaweza kukomaa ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, na hedhi hurudi mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya nane. Mama huyu anatakiwa awe na njia ya uzazi wa mpango kabla ya wiki ya nne kuanza, yaani kabla hata arobaini haijaisha.

Yai hutangulia, damu hufuata

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mwanamke anaanza kuweza kushika mimba baada ya kuona hedhi ya kwanza. Lakini hedhi ni matokeo ya mzunguko uliokwisha. Yai hutoka kwanza, na lisipokutana na mbegu ya mwanamume, damu hutoka wiki mbili hivi baadaye. Likikutana na mbegu, damu haitoki kabisa. Mama huyo atashika mimba bila kuona hedhi hata moja tangu ajifungue, naye ataendelea kusema, "Bado sijaziona siku zangu kwa sababu nanyonyesha."

Katika miezi sita ya kwanza, kwa anayenyonyesha kikamilifu, damu ya kwanza mara nyingi huja bila yai kutangulia. Kadiri hedhi inavyochelewa zaidi ya hapo, ndivyo inavyowezekana zaidi kwamba yai litatangulia damu. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi tisa ambaye hajaona hedhi yuko karibu zaidi na mimba kuliko mama wa mtoto wa miezi mitatu, ingawa wote wawili wanasema neno lilelile: "Bado."

Ratiba ya kliniki nayo inachangia. Mtoto huja kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kila mara mama anakutana na muuguzi. Baada ya hapo chanjo inayofuata kwa kawaida ni ya miezi 9. Katikati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 ndipo mtoto anaanza uji, mama anarudi shambani au sokoni, na yai linaanza kukomaa. Ni kipindi ambacho akina mama wengi hawaonekani kliniki, hata kupima uzito. Ukiwa kwenye kipindi hicho, njoo hata kama mtoto hana sindano ya kuchoma.

Mfano: tarehe za mama mmoja wa msimu wa mpunga

Mfano huu nimeutunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa mama mbalimbali. Haumhusu mtu mmoja. Tuufuate kwa tarehe.

Mama huyu anaishi Mpimbwe. Alijifungua tarehe 3 Februari. Damu ya arobaini iliisha kwenye tarehe 10 Machi. Alinyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine hadi mwisho wa Mei. Hadi hapo masharti yote matatu yalikuwa yametimia, na kinga ilikuwepo.

Mwanzoni mwa Juni mavuno ya mpunga yalipamba moto. Akawa anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Mtoto, aliyekuwa na miezi minne tu, alibaki na bibi yake akinywa uji. Usiku alinyonya kama kawaida. Mama aliamini bado "ananyonyesha," na kweli alikuwa ananyonyesha. Lakini mwanya wa saa kumi mchana ulikuwa umevunja sharti la pili. Kinga ilikwisha mwezi Juni, si siku mtoto alipotimiza miezi sita.

Tarehe 6 Julai aliona matone kwa siku mbili. Yalikuwa kidogo kiasi kwamba hakuhitaji pedi, kipande cha kitambaa kilitosha. Akasema ni uchovu wa shamba. Kwa sheria ile tuliyoitaja ya siku mbili mfululizo baada ya miezi miwili, hiyo ilikuwa hedhi imerudi.

Tarehe 19 Agosti, siku 44 baadaye, aliona damu kwa siku tano. Tarehe 12 Septemba, baada ya siku 24, aliona tena kwa siku saba, na safari hii ilikuwa nzito na tumbo liliuma. Mwanya wa siku 44, kisha wa 24: huu ndio mvurugiko wa kawaida wa mwili unaorudi kwenye mzunguko huku mtoto bado ananyonya. Mzunguko wa kwanza, wa pili na hata wa tatu huweza kuwa mirefu, mifupi, myepesi au mizito. Mpaka hapo hapakuwa na ugonjwa. Alichokosa ni njia ya uzazi wa mpango.

Oktoba damu haikuja katikati ya mwezi. Hakushtuka, kwa kuwa alikuwa amekwisha zoea: "Zangu hupishana hata siku 44." Tarehe 28 Oktoba, siku ya 46, aliona damu kidogo ya rangi ya kahawia, na maumivu upande wa kushoto chini ya kitovu. Akafurahi kwamba hedhi imekuja. Kesho yake maumivu yalizidi, akasikia kizunguzungu alipoinuka, na bega likaanza kuuma.

Zahanati walipima mkojo, mistari ikawa miwili. Mimba ilikuwepo, lakini ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija ulikuwa unavuja damu tumboni. Bega liliuma kwa sababu damu iliyo tumboni hugusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mishipa yake ya fahamu hupeleka maumivu begani. Mama wa namna hii anahitaji hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezewa, na kila saa ina maana.

Angalia kilichomchelewesha. Damu ilikuja, na hakuwa amepuuza damu nyingi. Alichopuuza ni damu *kidogo* iliyochelewa, kwa sababu miezi mitatu ya nyuma ilimfundisha kwamba kwake kuchelewa ni kawaida. Kipimo cha mimba kwenye wiki ya kwanza au ya pili ya kuchelewa kingemfikisha hospitali kabla mrija haujaanza kuvuja.

Kupima mimba kwa wakati sahihi

Kipimo cha mkojo kinapatikana kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, na usisome jibu baada ya muda huo kupita. Mstari mmoja kwenye sehemu ya uhakiki ni hakuna mimba, mistari miwili ni mimba, hata kama wa pili umefifia. Usipotokea mstari wowote, kipimo ni kibovu, chukua kingine.

Kwa mama mwenye mzunguko usioeleweka, swali "nimechelewa siku ngapi?" halina jibu, maana hajui alitarajia lini. Kwa hiyo hesabu kutoka kwenye tendo. Zikishapita siku 21 tangu ulipokutana na mwenzi wako bila kinga kwa mara ya mwisho, jibu la hakuna mimba unaweza kuliamini. Ukipima mapema ukakuta hakuna, rudia baada ya wiki moja au mbili.

Je, ni njia ya uzazi wa mpango inayovuruga damu?

Kabla ya kutafuta ugonjwa, jiulize: natumia nini? Akina mama wengi huanza njia kwenye wiki ya sita na hedhi haijarudi, kwa hiyo hawana cha kulinganisha nacho. Damu ikija vibaya hawajui kama ni njia, ni kunyonyesha, au ni kitu kingine.

Sindano ya miezi mitatu na njiti za mkononi hufanya damu itoke kwa matone siku zisizotabirika, hasa miezi ya mwanzo. Kwa sindano, kadiri muda unavyokwenda damu hupungua na kwa wengi hukoma kabisa. Damu hiyo haikusanyiki tumboni wala haiwi uchafu. Ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba tu, hakuna cha kutoka. Ukiacha sindano, hedhi na uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, kisha hurudi.

Kitanzi cha madini ya shaba hakina vichocheo. Chenyewe hufanya hedhi iwe nzito na yenye maumivu zaidi, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kisha hupungua. Vidonge vya mama anayenyonyesha, vyenye kichocheo kimoja, huleta matone hasa ukivimeza kwa saa zinazobadilikabadilika. Vidonge vya vichocheo viwili havishauriwi kabla mtoto hajafikisha miezi sita, kwa hiyo usiazime pakiti ya jirani.

Usisahau P2. Vidonge hivi vya dharura vinaweza kuleta hedhi mapema au kuichelewesha kwa siku kadhaa. Mama anayevimeza mara mbili au tatu kwa mwezi atakuwa na damu isiyoeleweka kabisa, na bado hana kinga ya kuaminika. Huyo anahitaji njia ya kudumu zaidi, na vituo vya serikali huitoa bila malipo.

Kama damu ya njia yako inakusumbua, usiitoe wala kuiacha kimyakimya. Mtoa huduma anaweza kukupa dawa ya siku chache ya kupunguza damu, au kukubadilishia njia siku hiyohiyo bila kukuacha na mwanya. Na hata ukiwa na njia, damu ikibadilika ghafla pamoja na maumivu ya tumbo, pima mimba. Hakuna njia inayozuia kwa asilimia mia.

Hedhi haiharibu maziwa, na mimba haimbemendi mtoto

Damu ya hedhi haiingii kwenye maziwa. Maziwa hayachachi wala hayawi machafu. Baadhi ya akina mama huona yamepungua kidogo siku chache kabla ya hedhi, na mtoto huwa msumbufu. Dawa yake ni kumweka ziwani mara nyingi zaidi, na baada ya siku mbili tatu hali hurudi.

Kwa huku kwetu neno "kubemenda" limewafanya akina mama wengi wamwachishe mtoto ziwa siku ileile wanapogundua wana mimba, au hata wanapoona hedhi. Kinachomdhoofisha mtoto huyo ni kukatiwa maziwa ghafla kabla chakula hakijatosha. Mara nyingi huwa na miezi saba au nane, na anabaki na uji mwepesi peke yake. Maziwa ya mama mwenye mimba ni salama. Endelea kunyonyesha, mwongezee mtoto uji mzito wenye karanga, maharage yaliyopondwa au dagaa waliosagwa, na wewe mwenyewe ule zaidi. Ikiwa ujauzito huo una damu inayotoka au uliwahi kuzaa kabla ya wakati, zungumza na mkunga akushauri.

Suala la kweli kuhusu mimba za karibu liko kwa mama. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mwili uliotoa damu wakati wa kujifungua, ukanyonyesha, kisha ukaanza kupoteza damu ya hedhi nzito, unahitaji muda wa kurudisha damu hiyo. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio ukipanda kilima kidogo, au unachoka kuliko kazi uliyofanya, omba upimwe wingi wa damu.

Ikiwa hedhi hairudi kabisa

Mama anayenyonyesha anaweza kukaa mwaka na zaidi bila hedhi, na hilo si ugonjwa, mradi mimba haipo. Lakini ukishaacha kunyonyesha na miezi mitatu ikapita bila hedhi, na kipimo kinaonyesha hakuna mimba, nenda ukaonwe na daktari. Mwambie hasa kama ulitokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua na maziwa hayakutoka au yalitoka kidogo mno. Mara chache kupoteza damu nyingi namna hiyo huumiza tezi iliyo chini ya ubongo inayosimamia maziwa na hedhi, na hali hiyo ina matibabu.

Wakati wa kwenda kituoni

Nenda mara moja, mchana au usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Pedi au kitambaa kizito kinaloa chote ndani ya saa moja, na hali inaendelea saa ya pili.
- Damu, iwe nyingi au kidogo, pamoja na maumivu makali ya tumbo la chini, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya bega.
- Kipimo kimeonyesha mimba na unatokwa na damu.
- Homa, au damu na uchafu wenye harufu mbaya.

Kwa mama mjamzito, na kwa aliyejifungua ndani ya siku 42, piga 115. Simu ni bure na ni ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Eleza dalili na mahali ulipo, ili mpango wa kukufikisha kituo chenye huduma unayohitaji ufanyike. Usianze safari peke yako kwa bodaboda ukiwa na kizunguzungu.

Nenda ndani ya wiki hiyo, ingawa si dharura, ikiwa damu hutoka baada ya tendo la ndoa, hedhi inazidi siku nane, au damu imeendelea kuja ovyo zaidi ya miezi mitatu bila njia yoyote ya uzazi wa mpango. Damu ya baada ya tendo inahitaji mlango wa kizazi uangaliwe, na kama una miaka 30 au zaidi omba na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi siku hiyohiyo.

Andika kabla hujasahau

Muuguzi akikuuliza "damu ilianza lini?" na ukajibu "kama mwezi jana hivi," wote wawili tunabaki kubahatisha. Chukua kalenda ya ukutani, daftari la mtoto wa shule, au simu. Kila ukiona damu andika tarehe ilipoanza, tarehe ilipoisha, na kama ilikuwa matone, ya kawaida au nzito. Andika pia siku mtoto alipoanza chakula kingine, siku ulipoanza kumwacha zaidi ya saa nne, na siku ulipopata sindano, njiti au kitanzi.

Mistari hiyo michache ndiyo iliyotuwezesha kuuona mfano wa mama wa Mpimbwe tangu Juni hadi Oktoba. Ukija nayo kliniki, hata kama huna maumivu yoyote, tutaweza kukuambia kinga yako ilikwisha lini, na kama damu unayoiona sasa inahitaji kipimo.